Mashine ya damu ya kulipia kwa kipimo: soma mkataba hapa kabla ya kusaini

"Wakuu, nina kituo kidogo cha afya. Kampuni inataka kuniletea mashine ya FBP bure, nilipie kila kipimo tu, matengenezo juu yao. Nisaini au kuna mtego?"

Mkuu, utaratibu wenyewe ni mzuri na mimi nimesimamia maabara iliyoutumia, huku Ruvuma. Shida iko kwenye maneno matatu ya mkataba: "kipimo", "kusimama" na "matengenezo". Yakiachwa bila maelezo, kila mtu atayatafsiri kwa faida yake.

Anza na "kipimo". Mashine ina kaunta ndani yake, na mara nyingi kaunta hiyo haitofautishi damu ya mgonjwa na kontroli za asubuhi, zile sampuli za kuhakiki kama mashine inasoma sawasawa. Chukulia una wagonjwa 300 kwa mwezi na bei ni shilingi 4,500. Kontroli za viwango vitatu kila siku, kwa siku 26 za kazi, ni 78. Ongeza 20 za kurudia sampuli zenye damu iliyoganda au majibu yenye alama ya tahadhari. Kaunta itasoma 398 na ankara itakuja 1,791,000, ilhali waliokulipa ni wale 300 tu. Kila mgonjwa amekugharimu 5,970. Dai iandikwe kwamba kinacholipiwa ni jibu la mgonjwa lililotolewa, na kontroli, usafishaji na marudio viwe juu ya kampuni. Wakikataa, basi bei ishuke. Usije ukaacha kupima kontroli ili kuokoa hela, maana hapo unaumiza wagonjwa.

Sasa "kusimama", na hapa ndipo tulipovutana sana. Asubuhi moja mashine iliwaka vizuri, lakini kwenye kipimo cha kimiminika cha mashine bila damu, PLT, yaani chembe sahani, ikawa juu ya 10, kikomo ambacho mashine nyingi za aina hii zinakubali. Tukasafisha, tukarudia, bado. Kontroli nazo chembe sahani zikatoka nje ya kiwango. Maana yake mashine inahesabu uchafu kama chembe sahani. Mtoto mwenye malaria ambaye chembe sahani zimeshuka angeonekana ana afadhali. Tukafunga, hatukutoa majibu. Kampuni ikajibu kwamba mashine inawaka na inachapisha, kwa hiyo haijasimama, na kiwango cha chini cha mwezi, yaani idadi ya vipimo unayolazimika kulipia hata usipoifikia, kinadaiwa chote.

Kwa hiyo andikeni hivi: mashine imesimama pale isipoweza kutoa majibu yenye kontroli ndani ya kiwango, kwa sababu yoyote isiyotokana na kituo, ikiwemo kukosekana kwa vitendanishi. Hilo la vitendanishi usilipuuze. Mashine hizi nyingi zinakubali vitendanishi vya kampuni yao tu, kwa kadi au msimbo. Gari la mzigo likichelewa, wewe huna pa kununua kwingine.

Saa ianze kuhesabiwa ulipotoa taarifa kwa ujumbe wa maandishi, siyo fundi alipofika. Ukisema "siku 2 za kazi" na mashine ikafa Ijumaa jioni, umepoteza wikiendi nzima kihalali. Na kiwango cha chini kipungue kwa uwiano. Kama ni 300 na mashine ilifanya kazi siku 17 kati ya 26, unadaiwa 196. Muda ukizidi uliokubaliwa, walete mashine mbadala au walipe tofauti ya gharama ya kupeleka sampuli maabara jirani.

Kuhusu matengenezo, mgawanyo wa kawaida ni huu: wewe unafanya usafi wa kila siku na kuzibua tundu la kuhesabia seli kwa amri iliyo kwenye menyu. Kampuni inafanya ukaguzi wa miezi 6, urekebishaji wa vipimo na vipuri vyote. Kinacholeta ugomvi ni kile kipengele cha "uharibifu wa umeme na matumizi mabaya". Fundi wa kampuni akifungua bodi akasema imeungua kwa umeme, nani wa kumpinga? Iambie kampuni iandike nani ananunua UPS na ya uwezo gani, na kwamba UPS hiyo ikiwa imefungwa na inafanya kazi, hitilafu ya umeme si yako. Pia kila ziara iwe na ripoti iliyosainiwa na pande zote, nakala ibaki kwako. Uliza mhandisi wao anakaa mji gani. Kama yuko Dar na wewe uko Mbinga, ahadi ya saa 24 usiitegemee. Afadhali saa 72 yenye adhabu inayotekelezeka.

Siku ya kufunga mashine, piga picha ukurasa wa kaunta pamoja na namba ya mashine, mwakilishi wao asaini hapo hapo. Nyingi zimeshafanya kazi kwingine, kaunta haianzii sifuri, na ankara ya mwezi wa kwanza inatoka kwenye tarakimu hiyo.