Kukatwa mfupa au goti bandia la nusu? Kwanza piga picha ya mguu mzima

Wagonjwa wengi wanaokuja kliniki yangu goti likiwa limesagika upande wa ndani huwa wameshaamua nusu ya jambo kabla hawajakaa kitini. Mmoja anataka mguu unyooshwe kwa kukatwa mfupa, upasuaji unaoitwa osteotomia ya muundi, kwa sababu binamu yake alifanyiwa na sasa anatembea. Mwingine anataka goti bandia la nusu, yaani lile linalobadilisha upande uliosagika tu, kwa sababu amesikia kwamba mtu husimama siku ileile. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wawili wanaweza kuwa wanataka upasuaji wa mtu mwingine. Ushauri wangu ni kwamba usichague kabla hujapigwa eksirei ya mguu mzima, kuanzia nyonga hadi kifundo, ukiwa umesimama kwa miguu yote miwili.

Wengi huja na picha ya goti peke yake, tena iliyopigwa wakiwa wamelala. Mtu akilala, uzito haupo, na mwanya kati ya mifupa unaonekana mpana kuliko ulivyo. Hata ikipigwa amesimama, picha fupi ya goti haiwezi kuonyesha tege limeanzia wapi. Si kila hospitali ina filamu ndefu, lakini mashine nyingi za kidijitali zinaweza kupiga nyonga, goti na kifundo kwa vipande kisha kuviunganisha. Uliza. Na wakati wa kupigwa, pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mbele, itazame mbele, si vidole. Mguu ukigeuzwa kidogo, au goti likikunjwa kidogo, vipimo vyote vinapotoka. Mimi huangalia kwanza kama pia imekaa katikati ya mfupa wa paja. Kama imekwenda pembeni, narudisha picha.

Kwenye picha hiyo tunachora mstari mmoja kutoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja hadi katikati ya kifundo. Huo ndio mstari unaobeba uzito. Tunaangalia unapita wapi juu ya bapa la muundi, yaani uso wake wa juu gotini, tukihesabu ukingo wa ndani kuwa 0 na wa nje kuwa asilimia 100. Kwa mguu ulionyooka hupita karibu na katikati, mara nyingi kwa ndani kidogo. Kwa mwenye matege hukimbilia ndani, na gegedu ya upande huo hubeba mzigo usio wake.

Halafu tunapima pembe tatu, na hapa ndipo uamuzi ulipo. Ya kwanza ni ya ncha ya chini ya mfupa wa paja, ambayo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 85 na 90. Ya pili ni ya kichwa cha muundi, nayo ni 85 hadi 90, wastani wake 87. Ya tatu ni mwanya wenyewe: nyuso mbili za goti zinapaswa kuwa karibu sambamba, tofauti isizidi nyuzi 2 hivi. Tege la mguu ni jumla ya hitilafu hizo tatu. Swali ni hili: limetoka kwenye mfupa, au limetoka kwenye gegedu iliyoisha?

Nikupe mfano wa watu wawili ambao kwa macho miguu yao inafanana. Wa kwanza ni fundi wa vigae mwenye miaka 49, kilo 80, anayeshinda amepiga magoti. Mfupa wake wa paja ulisoma 88, ambayo ni sawa. Muundi ulisoma 82. Mwanya ulikuwa 2. Ukitoa 82 kwenye 88 na kuongeza 2, unapata tege la nyuzi 8, na 6 kati ya hizo ziko kwenye mfupa wa muundi wenyewe. Mstari wake ulipita asilimia 13 tu kutoka ukingo wa ndani. Gegedu ilikuwa imepungua lakini haijaisha, upande wa nje ulikuwa mzima, na goti lilikunjika vizuri.

Wa pili ni mama wa miaka 63. Paja lake lilisoma 88 na muundi 87. Mifupa yote miwili imenyooka. Lakini mwanya ulikuwa nyuzi 5, kwa sababu ndani gegedu ilikuwa imeisha kabisa, mfupa unagusa mfupa. Tege lake la nyuzi 6 karibu lote lilitoka humo. Tulipiga picha nyingine mguu chini ya goti ukiwa unasukumwa kuelekea nje. Mwanya wa ndani ukafunguka na mguu ukanyooka, na gegedu ya nje ikaonekana imekaa kwa unene wake. Kano ya mbele iliyo ndani ya goti ilikuwa nzima.

Fundi alistahili osteotomia. Mama alistahili goti la nusu. Ukiwabadilishia, unawaharibia wote. Goti la nusu linajaza pale gegedu ilipoliwa. Halinyooshi mfupa uliopinda. Fundi akiwekewa, tege la nyuzi 6 linabaki palepale na plastiki inaanza kubeba mzigo uleule. Na mama akikatwa muundi ulionyooka, tunautengenezea upindo ambao hakuwa nao, uso wa goti unakaa mshazari, na mfupa unaogusa mfupa haupati gegedu mpya.

Umri watu huupa uzito kuliko unavyostahili. Ni kweli kwamba osteotomia inawafaa zaidi walio chini ya miaka 60 au 65 hivi wenye kazi nzito, na goti la nusu linawafaa zaidi waliovuka hapo. Zamani goti la nusu walinyimwa walio chini ya 60 au waliozidi kilo 82, kwa vigezo vilivyoandikwa mwaka 1989, lakini leo wapasuaji wengi hawavishiki hivyo. Kinachozuia kweli ni vingine. Baridi yabisi huzuia yote mawili, kwa sababu ugonjwa huo hula goti zima. Upande wa nje ukisagika pia, yote mawili hayafai. Goti lisilonyooka kwa zaidi ya nyuzi 15 hivi, vivyo hivyo. Kwa osteotomia naongeza sigara: mfupa wa mvutaji huchelewa kuunga, na mimi humwomba mgonjwa aache kabla sijapanga tarehe.

Turudi kwa fundi, maana kupanga kiasi cha kunyoosha ndiko kunakoamua matokeo. Kwa miaka mingi wapasuaji walilenga kupitisha mstari kwenye asilimia 62.5, alama iliyopewa jina la Fujisawa kutokana na kazi yake ya mwaka 1979. Siku hizi wengi hulenga mahali fulani kati ya 50 na 60 na kidogo zaidi, kulingana na gegedu ya ndani ilivyochakaa. Ukinyoosha kupita kiasi, mgonjwa anaondoka na magoti yanayogongana, upande wa nje unaanza kuuma, naye hapendi anavyoonekana. Ukinyoosha pungufu, maumivu yanarudi mapema.

Kwa fundi nililenga 55. Kwenye picha hiyo ilimaanisha kumtoa kwenye tege la nyuzi 8 na kumvusha nyuzi 1 upande wa pili, jumla nyuzi 9. Muundi wake ungesoma 91, jambo linalokubalika. Ningeona unafika 95 ningesita, kwa kuwa hapo uso wa goti unainama mno. Katika hali hiyo mara nyingi upindo mwingine uko kwenye paja, na kazi inagawanywa kwenye mifupa miwili. Mwanya ungekuwa mpana zaidi ya nyuzi 2 ningepunguza hesabu, kwa sababu goti lililolegea hujifunga lenyewe uzito ukihama, na mguu ukajikuta umenyooka kupita mpango.

Sasa zile nyuzi 9 ni milimita ngapi za kufungua mkato wa mfupa? Kuna kanuni ya haraka kwamba nyuzi 1 ni milimita 1. Kanuni hiyo ni kweli pale tu mkato una urefu wa milimita 57 hivi. Mkato wa fundi, kutoka ndani hadi kwenye bawaba, yaani mfupa usiokatwa upande wa nje, ulikuwa milimita 65, kwa hiyo alihitaji milimita 10 na ushee. Kwa kanuni ya haraka angepata 9, na mstari wake ungeishia karibu na 50 badala ya 55. Mtu mwenye mifupa mikubwa hukosa zaidi.

Mkato huanzia ndani ya mguu, chini ya goti, ukipanda kuelekea nje, na hauvuki. Tunaacha kama sentimita moja ya mfupa upande wa nje iwe bawaba, kisha tunafungua polepole. Bawaba hiyo ikipasuka, kipande cha juu kinaweza kucheza na mfupa ukachelewa kuunga, au ufa ukapanda hadi kwenye goti. Ndiyo maana tunafungua kwa dakika kadhaa, si kwa nguvu. Jambo jingine ni mteremko: mwanya wa mkato upande wa mbele uwe mdogo kuliko wa nyuma, takriban nusu yake. Ukilingana, muundi unainamia nyuma zaidi, na kano ya mbele inabeba mvutano usio wa lazima. Kabla ya kufunga pleti na skrubu, tunavuta waya ulionyooka kutoka nyonga hadi kifundo chini ya eksirei ya chumba cha upasuaji na kuangalia unapita wapi gotini. Muulize mpasuaji wako kama hufanya hivyo.

Baada ya hapo njia zinaachana. Mama alisimama siku iliyofuata na baada ya wiki chache alikuwa ameacha gongo. Fundi alitumia magongo mawili kwa wiki kadhaa, akikanyaga kwa uzito mdogo kwanza, na kazi nzito ilisubiri miezi kama 4 hadi 6, mpaka picha ionyeshe mfupa umeunga. Anayelea familia kwa kibarua aijue hesabu hiyo kabla ya kusaini fomu. Faida aliyoipata ni kwamba goti ni lake: anachuchumaa, anapiga magoti msikitini na kazini, bila plastiki ya kulinda. Mama anaweza kupiga magoti pia, ila wengi wenye goti la nusu husema hawajisikii vizuri wakifanya hivyo.

Kuhusu kudumu, baada ya miaka 10 takriban goti la nusu moja kati ya kumi huwa limefanyiwa upasuaji tena. Kwa osteotomia, tafiti nyingi zinaonyesha kwamba kati ya robo tatu na tisa ya kumi ya wagonjwa bado hawajahitaji goti bandia kwa muda huo. Wote wawili wanaweza kuwekewa goti zima baadaye.

Kwa aliyekatwa mfupa, maumivu ya ghafla upande wa nje wa goti katika wiki za mwanzo yanataka picha upya, maana bawaba inaweza kuwa imepasuka. Shavu la mguu likivimba na kukaza, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa hofu ya damu kuganda. Maumivu juu ya pleti miezi mingi baadaye ni ya kawaida, ngozi hapo ni nyembamba. Fundi, pleti yake ilimsumbua kila alipopiga magoti kwenye zege, tukaitoa mfupa ulipokwisha kuunga.