Kabla ya kuweka upya mtandao wa simu, jua kitakachofutika

Mwezi Mei mvua za masika huwa zingali zinanyesha, wageni ni wachache, na sisi madereva wa utalii hupata nafasi ya kushughulikia mambo madogo yaliyokwama. Ni katika siku hizo ambapo simu yangu ya Android ilikataa kuunganika na Wi-Fi ya nyumbani kwangu Pasua, hapa Moshi. Iliandika `Obtaining IP address…` kwa takriban nusu dakika, kisha ikaandika `Saved` na kuishia hapo. Jioni hiyohiyo redio ya gari ilionyesha jina la simu yangu, lakini kila nilipojaribu kuziunganisha, muunganisho ulikatika kabla hata wimbo haujaanza.

Kukwama kwa vitu hivyo viwili kwa pamoja kulinipa dokezo, kwa sababu katika simu nyingi Wi-Fi na Bluetooth huendeshwa na chipu moja. Hata hivyo sikukimbilia kufuta chochote. Simu ya mke wangu ilikuwa imeunganika na ruta ileile bila shida, kwa hiyo kosa halikuwa kwenye ruta. Nilizima simu yangu na kuiwasha, nikaufuta mtandao wa nyumbani peke yake kwa kubonyeza `Forget`, kisha nikaandika nywila upya kwa uangalifu. Hali haikubadilika. Hatua hizi mbili ndogo zingeweza kumaliza tatizo bila hasara yoyote, na ndiyo maana nashauri zitangulie daima.

Nilikwenda kwa fundi mmoja karibu na stendi, mtu mzima ninayemheshimu, nikamwamkia na kumweleza. Kabla hajaishika simu aliniuliza, "Kijana wangu, ile swichi ya Wi-Fi inawaka ukiibonyeza, au inarudi nyuma yenyewe?" Nilimjibu kwamba inawaka na majina ya mitandao yanaonekana. "Basi chipu ni nzima," alisema, "nenda kaweke upya mtandao wewe mwenyewe, usinipe hela ya bure." Alinieleza kwamba swichi ikikataa kabisa kuwaka, na ukifungua `About phone` ukakuta anwani ya Wi-Fi haipo au imeandikwa `02:00:00:00:00:00`, mara nyingi ugonjwa uko kwenye chipu au kwenye bodi ya simu, hasa kama simu ilianguka au iliingia maji. Hapo kuweka upya kutakufutia nywila zako zote na swichi itabaki imezima vilevile.

Nilichofanya kwanza niliporudi nyumbani hakikuwa kuweka upya, bali kuchukua daftari. Kitendo hiki hufuta kila mtandao wa Wi-Fi uliohifadhiwa pamoja na nywila yake, na mimi nilikuwa na mitandao ya nyumbani, ya ofisi yetu Arusha na ya nyumba ya wageni ya Karatu ambako hulala mara kwa mara. Katika simu zenye Android 10 au zaidi, ukifungua mtandao uliohifadhiwa na kubonyeza `Share`, simu hukuomba PIN au alama ya kidole, kisha huonyesha mraba wa QR, na katika simu nyingi nywila huandikwa chini ya mraba huo. Niliinakili moja baada ya nyingine. Kama simu yako haionyeshi maandishi, mwombe mtu wa nyumbani asome mraba huo kwa simu yake, ili mtandao ubaki umehifadhiwa mahali fulani.

Kwenye Android ya kawaida njia ni `Settings`, kisha `System`, kisha `Reset options`. Ndani yake utakuta `Reset Wi-Fi, mobile & Bluetooth`, ingawa matoleo mapya yameligawa jambo hili katika vipengele viwili, kimoja cha Wi-Fi na Bluetooth na kingine cha mtandao wa laini. Kama tatizo lako ni kama langu na simu yako ina mgawanyo huo, chagua cha Wi-Fi na Bluetooth peke yake na uache laini ilivyo. Kwenye Samsung utaanzia `General management`, na kwenye iPhone utapita `General`, kisha `Transfer or Reset iPhone`, kisha `Reset`, na mwisho `Reset Network Settings`. Soma neno kwa neno kabla ya kubonyeza, kwa sababu `Erase all data` hukaa jirani kabisa na kipengele unachokitafuta, na hicho ndicho kinachofuta picha, namba za watu na kila kitu kingine. Kuweka upya mtandao hakugusi vitu hivyo, wala ujumbe, wala programu ulizoziweka.

Baadhi ya simu huweka kijisanduku kinachohusu kufuta eSIM. Mwenye laini ya kadi ya kawaida hana cha kuogopa, lakini anayetumia eSIM asikitie alama, kwa maana akiifuta itambidi arudi kwa mtoa huduma ili awekewe laini upya.

Simu yangu ilimaliza kazi kwa sekunde chache. Niliandika nywila ya nyumbani na Wi-Fi ikashika mara moja. Redio ya gari, kinyume chake, iliendelea kukataa, na hapa ndipo watu wengi huamini kwamba kazi yote imekuwa bure. Simu na redio zinapounganishwa kwa mara ya kwanza, kila moja huhifadhi ufunguo wa siri wa kumtambua mwenzake. Simu yangu ilikuwa imefuta ufunguo wake, ilhali redio ilikuwa bado inao ule wa zamani, kwa hiyo kila upande ulimwona mwenzake kama mgeni aliyebeba ufunguo usiofungua. Nilifungua orodha ya simu kwenye redio yenyewe, nikafuta jina la simu yangu, kisha nikaanza kuunganisha upya kana kwamba hazijawahi kukutana. Namba ya uthibitisho ilitokea pande zote mbili, nikakubali, na muziki ukalia. Spika yangu ndogo haina kioo cha kuonyesha orodha, hivyo niliirudisha katika hali ya kuunganisha kwa kushikilia kitufe chake, kama kijitabu chake kinavyoelekeza.

Simu yangu haikuwa na ule mgawanyo niliousema, kwa hiyo mipangilio ya laini nayo iliguswa. Data ilirudi yenyewe, lakini shemeji yangu, anayetumia simu iliyonunuliwa nje ya nchi, alipofanya hivyohivyo alibaki anapiga simu vizuri huku intaneti ikiwa imekufa. APN, yaani maandishi yanayoielekeza simu kwenye intaneti ya mtoa huduma, aliyoiandika kwa mkono zamani ilikuwa imefutika, na ikabidi aombe maandishi yake kwa mtoa huduma. Kama nawe uliwahi kuandikiwa APN, inakili kabla ya kuanza. VPN uliyoiweka mwenyewe katika mipangilio nayo inaweza kuondoka, na ikiondoka utaiweka tena kwa mkono.

Nywila ya Karatu niliyoinakili ilifanya kazi safari iliyofuata. Ya ofisini Arusha ilinisumbua, kwa sababu niliandika herufi kubwa O mahali palipokuwa na sifuri, na nilipofika Njiro ilinibidi nimwombe dada wa mapokezi anisomee upya huku wenzangu wakinicheka.