Moyo unadunda, je, amefariki?

"Kaka yangu yupo chumba cha mahututi hapa Dar es Salaam, moyo unapiga, lakini wanasema ubongo umekufa. Wakitoa figo zake kumpandikizia mtu mwingine, si watamuua?"

Pole sana, ndugu yangu. Moyo hujidundisha wenyewe maadamu mashine ya kupumulia inaupatia oksijeni. Pumzi ndiyo huamriwa na shina la ubongo. Waulize kama, mboni zilipokosa kuitikia mwanga, na baada ya kuhakikisha kuwa mwili una joto la kawaida na dawa za usingizi zimemtoka, walisimamisha mashine kwa takriban dakika 8 hadi 10 huku wakimpa oksijeni, hewa ya ukaa ikapanda kwenye damu hadi milimita 60 za zebaki, naye asivute pumzi. Akijaribu kuvuta hata mara moja, yu hai, na figo haziguswi. Wapimaji, kwa maoni yangu hili ni la lazima, wasiwe wapandikizaji.