Sukari inayopanda alfajiri bila mtu kula

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili, na ana kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 9. Zamani alijipima bila kukumbushwa. Mwaka huu analala na sukari ya 8, anaamka na 15. Baba yake anasema anakula maandazi usiku kwa siri. Juzi nimegundua namba za kwenye daftari anazibuni, kwenye mashine hazimo. Kila asubuhi ni ugomvi. Nifanyeje?*
*Mama wa Pasua, Moshi*

Marahaba, mwanangu, na pole. Naomba maandazi tuyaweke pembeni kwanza, kwa sababu sukari inaweza kutoka 8 hadi 15 huku kijana amelala fofofo na jikoni hajakanyaga.

Katika umri wa balehe mwili unamwaga homoni ya ukuaji kwa wingi, hasa akiwa kwenye usingizi mzito. Homoni hiyo inamrefusha, lakini pia inaufanya mwili uwe mgumu kuitikia insulini. Alfajiri homoni nyingine za kumwamsha nazo huingia kazini, na ini linaachia sukari kwenye damu. Asiye na kisukari kongosho lake huongeza insulini lenyewe. Mwanao anategemea sindano ya jioni, ambayo saa hizo huenda imeshaanza kuisha nguvu. Ndiyo maana dozi iliyomtosha akiwa na miaka 11 sasa haimtoshi, hata kama anakula vilevile.

Sasa jiweke mahali pake. Anajipima, inatoka 15, anaitwa mwizi wa maandazi. Kesho yake anaandika 6.2 ili asubuhi ipite salama. Uongo huo unaniogopesha kuliko ile 15, kwa sababu daktari akiona 6.2 hataigusa dozi.

Kwa hiyo fanyeni kazi moja pamoja, siku tatu zisizofuatana. Mpime akienda kulala, mpime saa tisa usiku, kisha saa kumi na mbili asubuhi kabla hajala. Ya saa tisa amka wewe umtoboe kidole, yeye aendelee kulala. Najua stripi ni ghali, lakini hizi tisa zitawaambia mengi kuliko daftari zima la namba za kubuni.

Tuseme analala na 8, saa tisa ana 8.5, asubuhi 15. Hapo sukari imepanda alfajiri, na homoni ndizo za kushukiwa kwanza. Ikiwa saa tisa tayari ni 14, rudini kwenye jioni: chakula kilizidi insulini, au sindano ilirukwa. Na ikiwa saa tisa iko chini ya 4, mwamshe umpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Kisha ukipambazuka wapigie kliniki, maana dozi ya usiku inaweza kuwa imemzidi. Unaona kwa nini nakuomba usiongeze insulini kwa kutazama namba ya asubuhi peke yake? Ungeweza kumwangusha usiku wa manane.

Matokeo yapelekeni kliniki ya kisukari, pamoja na mashine yenyewe. Daktari anaweza kuongeza dozi, au kuitenganisha sindano ya jioni ili ile ya kufanya kazi polepole achomwe wakati wa kulala, ifike alfajiri ikiwa bado na nguvu. Dozi ikipanda, mzee wako asidhani ugonjwa umekuwa mkali. Ukuaji ukitulia, insulini hupunguzwa tena.

Huyo mzee zungumza naye faraghani, kabla ya usiku wa kwanza. Mkubaliane kwamba namba yoyote ya kweli, hata 20, itapokelewa kwa neno moja tu: "Asante kwa kupima." Hakuna "umekula nini". Mtoto akiingia kutoka shule, asiulizwe sukari kabla ya kuulizwa habari za shule. Tengeni muda mmoja, labda baada ya chakula cha jioni, mtazame namba kwa dakika tano, kisha mada ifungwe. Na usimwachie kazi yote eti amekua. Kipimo cha asubuhi kichukue wewe, na sindano ya jioni achome mbele ya mmoja wenu.

Daftari la kubuni mwambie hivi: "Nimeona, na najua tulikutisha. Tuanze ukurasa mpya leo." Usimdai maungamo.

Jambo moja tu halina mjadala wala kusubiri kliniki. Sukari ikiwa juu naye anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu au pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana. Na hata kama hajala kitu, insulini isiachwe.