Seed ileile, picha imehama

"Mteja kapitisha picha ya chupa niliyotengeneza kwa Stable Diffusion WebUI, anataka kifuniko kiwe chekundu tu. Seed ni ileile, mbona meza na mwanga vimehama?"

Seed ni namba inayoshikilia tu zile chengachenga za mwanzo ambazo picha huundwa kutokana nazo. Maelekezo unayoandika huanza kuzisukuma tangu hatua ya kwanza, na hapo ndipo mpangilio huamuliwa, kwa hiyo hata neno "chekundu" laweza kuhamisha meza.

Buruta PNG asilia kwenye PNG Info (iliyopitia WhatsApp haifai, maelezo yake yamefutika), rudisha modeli, ukubwa, Sampler, Steps na CFG scale, kisha itengeneze bila kubadili neno. Ikitoka ileile, ipeleke Inpaint, paka kifuniko pekee, andika rangi mpya, Denoising strength 0.5. Rangi ikikataa kugeuka, pandisha namba hiyo polepole; umbo la kifuniko likianza kupinda, umezidisha.