Kukagua "nambari moja", "bure" na "ilikuwa 7,000" kabla ya kuposti

Swali: Ninasimamia mitandao ya duka la vifaa vya umeme hapa Luthuli. Bosi anataka video hii ipande Ijumaa: "Sisi ndio nambari moja kwa bei nafuu Nairobi! Blenda ilikuwa 7,000, sasa 4,500. Punguzo hadi asilimia 60 dukani kote. Nunua friji ya 38,000 upate pasi bure, na usafirishaji bure!" Nirekebishe wapi ili isituletee shida?

Jibu: Anza na blenda, maana bei ya zamani ndiyo rahisi zaidi kwa mtu wa nje kuipinga. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 kinahesabu kuwa udanganyifu kudai kuna nafuu ya bei ilhali haipo, na kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 nacho kinagusa madai ya uongo kuhusu bei. Swali la kumuuliza bosi ni moja: ni nani aliyewahi kulipa 7,000? Bei iliyobandikwa kwenye rafu haitoshi. Fungua ankara zenu za eTIMS za mwezi uliopita, utafute modeli hiyohiyo. Ukikuta imekuwa ikiuzwa 5,000 baada ya wateja kuvutana bei, basi "ilikuwa" yenu ni 5,000, na punguzo ni shilingi 500. Luthuli hili hutokea sana, kwa kuwa bei ya kutaja na bei ya kuuza ni vitu viwili. Ankara zikithibitisha 7,000, zitoe nakala uziweke pamoja na skripti.

Asilimia nayo ipigiwe hesabu bidhaa kwa bidhaa: bei ya zamani toa bei mpya, gawanya kwa bei ya zamani, zidisha kwa 100. Blenda ya 7,000 kwa 4,500 ni 35.7, kwa hiyo andika 35, usiipandishe hadi 40. Tatizo kubwa la sentensi yenu ni kuunganisha "hadi 60" na "dukani kote". Kama kilichofika 60 ni waya za ekstensheni peke yake, mtazamaji atakuja akitarajia friji kwa nusu bei. Neno "hadi" halikuokoi hapo, maana sheria hiyohiyo ya 2012 inataja pia kutia chumvi na kuficha jambo la msingi. Andika: "Punguzo la asilimia 10 hadi 60 kwa bidhaa zenye lebo nyekundu", kisha hakikisha lebo zimebandikwa kabla video haijapanda.

Pasi sasa. Kanuni za Chama cha Kimataifa cha Biashara, ICC, zinaruhusu kuita kitu "bure" kinachotolewa pamoja na ununuzi, mradi bei ya kile kinachonunuliwa haikupandishwa kufidia zawadi. Rudi kwenye ankara. Tuseme friji ilikuwa 36,500 wiki mbili zilizopita na pasi inauzwa 1,500: mteja anailipia pasi yote. Hapo "bure" iondoke, useme "Friji na pasi kwa 38,000". Hiyo bado ni ofa nzuri. Kama friji ilikuwa 38,000 tangu awali, "bure" ibaki. "Usafirishaji bure" bila mpaka inamaanisha hata mteja wa Lodwar. Sema "ndani ya kaunti ya Nairobi", kama huko ndiko mnakofikisha bila malipo.

"Nambari moja kwa bei nafuu" nayo inadai kitu kinachopimika, na kuithibitisha kungehitaji bei za maduka yote ya jiji, ambazo hubadilika kabla ya jioni. Mimi ningeifuta kabisa. Sifa kama "duka lenye raha" haina tatizo, kwa kuwa hakuna anayeichukua kama kipimo. Mkitaka sifa ya nguvu kwa friji, tumieni nyota zilizo kwenye lebo ya EPRA ya matumizi ya umeme: mzitaje kama zilivyo, msiziongeze kuwa "inayookoa umeme kuliko zote".

Masharti yasiwe maandishi madogo ya sekunde mbili chini ya video. Sharti linaweza kufafanua dai. Likilipinga, dai ndilo litakalohukumiwa. Tarehe ya mwisho na idadi iwe ndani ya picha yenyewe, kwa sababu video ikipakuliwa na kusambazwa WhatsApp, kapsheni hubaki nyuma, na mteja atakuja mwezi ujao akiishika simu.

Ikikaguliwa hivyo, na kama ankara zinaunga mkono bei hizo, skripti inasomeka hivi: "Blenda ilikuwa 7,000, sasa 4,500. Punguzo la asilimia 10 hadi 60 kwa bidhaa zenye lebo nyekundu. Friji na pasi, 38,000, ziko 12 tu. Tunakuletea bila malipo ndani ya kaunti ya Nairobi. Mwisho Jumapili." Namba 12 niliyoweka ni ya mfano, hesabu zilizoko stoo Alhamisi jioni uweke yenu.