Mteremko wa bomba la majitaka mji unapoanza na wateja wachache

Swali: Mhandisi, naandika ripoti ya mtandao wa majitaka wa mji mdogo hapa Uganda. Watakaounganishwa mwanzoni ni watu 2,000, baada ya miaka 20 ni 12,000, kila mmoja lita 60 za maji kwa siku. Mita 600 za mwisho zinashuka mita 1.5 tu hadi kwenye mafunjo, na mabwawa ya kusafishia yako ng'ambo, juu zaidi. Bomba la milimita 200 nililaze kwa 1:200? Chemba kila mita ngapi? Pampu je?

Jibu: Kwa 1:200 bomba litawatosha watu 12,000 lakini litajaa mchanga kwa wale 2,000. Chukua asilimia 80 ya maji kuwa majitaka, na kilele mara 3 ya wastani: mwishoni ni lita 20 kwa sekunde, mwanzoni lita 3.3 tu. Bomba likijaa kwa 1:200 hupitisha lita 23, hapo hesabu inapendeza. Lakini zile lita 3.3 hutembea mita 0.52 kwa sekunde, chini ya 0.6 inayohitajika kubeba mchanga, na miji yetu ya barabara za murramu ina mchanga mwingi. Ukifunua chemba ukaona tope limelala kwenye mfereji asubuhi, wakati watu wanaoga, ujue mwendo hautoshi.

Kwa 1:120 mwendo hufika 0.62. Gharama yake ni kina: ukianza mita 1.2, mita 600 zitakufikisha 4.7, na kando ya mafunjo mtaro wa kina hicho hujaa maji na kuporomoka. Kwa kuwa mabwawa yako juu, pampu haikwepeki. Basi isogeze hadi mita ya 300, ambako bomba litakuwa kwenye kina cha mita 2.95. Nyumba zilizo chini ya hapo zihesabu mapema, kwani majitaka yake hayatapanda yenyewe.

Chemba weka kila mita 60, ili fito za kuzibulia zikutane katikati zikiingizwa pande zote mbili, na pia kwenye kila kona, makutano na badiliko la mteremko.

Pampu ziwe mbili, kila moja lita 20, moja ikiwa ya akiba, pamoja na jenereta. Bomba la msukumo la milimita 150 litatoa mwendo wa mita 1.1 kwa sekunde. Litavuka mafunjo, kwa hiyo omba mapema kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Shimo la pampu wengi hulipanua kupita kiasi. Kwa kuwashwa si zaidi ya mara 10 kwa saa, mita za ujazo 1.8 kati ya kuwaka na kuzima zinatosha. Mwanzoni zitajaa kwa dakika 27 hivi. Ukijenga mita za ujazo 10, majitaka yatakaa saa mbili na nusu, usiku zaidi, yataoza, na gesi yake itakula zege. Piga pia hesabu ya kuelea: shimo likiwa tupu masika, maji ya ardhini hulisukuma juu, na uzito wake lazima uyashinde.